Kapita wa Darasa la Tano

Assani Okito alirithi tusi. Wenzake wa Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba kutoka mji wa Kindu, walirithi mashamba ya mpunga, mashine za kushonea, hata misala ya babu zao; yeye tangu ana miaka saba aliitwa mjukuu wa kapita, na waliomwita hivyo hawakuona haja ya kueleza zaidi. Kila mtu alijua kapita ni nani. Zamani za mpira, Bulamatari, yaani serikali ya Wazungu, alipotaka kila kijiji kilete vikapu vya utomvu kutoka msituni, aliweka kijijini mtu mmoja mwenye bunduki ili vikapu visipungue. Mara nyingi alikuwa mgeni aliyetolewa mbali. Katika kijiji cha kina Assani, mwendo wa siku mbili kutoka Kindu, alikuwa mtu wa hapohapo: Onema, baba wa baba yake.

Bibi yake alikufa bila kulitaja jina hilo. Baba yake alisilimu, akahamia Alunguli kushona kofia, naye hakulitaja. Hivyo Assani akakua akimchukia mtu ambaye hakuwahi kumwona, na papo hapo akiwachukia wote waliomchukia mtu huyo. Ukibeba hasira mbili zinazovutana, hutembei sawasawa. Alikuwa mtu wa kufoka upesi na kunyamaza kwa muda mrefu. Wanafunzi wake upande wa pili wa mto, kwenye shule ya sekondari alikofundisha historia, walimwita Pilipili, na alijua, na hilo pia lilimuudhi.

Mwaka ule wa sabini na sita alikuwa na miaka arobaini. Kulikuwa na matanga kwa jirani, na Assani, kama ilivyo desturi ya mtaa, alishika birika kuwanawisha wazee mikono. Alipofika kwa mzee Matata, aliyezaliwa katika kijiji kile cha Onema, mzee aliiondoa mikono yake, akaificha kwapani.

"Maji ya kapita, mimi sinawi," alisema, watu wote wakisikia.

Assani aliweka birika chini polepole sana, kwa sababu angeliweka kwa haraka lingempata mtu. Akatoka. Njia nzima hadi nyumbani alikuwa akijibu mambo ambayo hakuna aliyeyasema. Alipofika alikuwa ameshapata wazo: atamfikisha Onema mbele ya darasa. Wamhukumu yeye, mara moja, kwa sauti, ili ijulikane kuwa mjukuu si babu.

Namna ya kufanya hivyo alikuwa ameijua kwenye mafunzo ya likizo kule Kisangani. Mkufunzi mmoja aliwaonyesha jinsi ya kumpa mwanafunzi kadi ya mtu wa zamani, ili aseme kwa kinywa cha mtu huyo na kuamua alichopaswa kuamua. Walimu wengi walicheka. Assani hakucheka, yeye mwenyewe alisoma historia kwa kunakili ubaoni, tarehe juu ya tarehe, na hakukumbuka hata moja iliyomgusa. Sasa kadi zilimjia kama silaha. Usiku, mkewe Riziki akiwa amelala, aliandika ya kapita kwanza: *Wewe ni mroho. Unapenda bunduki na vitambaa vya Wazungu. Machozi ya ndugu zako hayakuhusu.*

Somo lile liliharibika kabla vumbi la chaki halijamtoka mikononi. Kijana aliyepewa kadi ya kapita, Amuri, fundi wa kuchekesha watu, alifunga shati kiunoni, akatoa macho, akaanza kunguruma na kupiga madawati kwa rula. Darasa likaangua kicheko. Mwenzake aliyekuwa mwanakijiji alianguka chini akijifanya anakufa, akafufuka, akaanguka tena. Nyuma mtu aliimba wimbo wa chama tawala uliochezwa asubuhi kwenye bendera. Assani aligonga meza.

"Basi! Kaeni! Mumejifunza nini?"

"Kapita alikuwa mubaya, Mwalimu," walijibu kwa pamoja, kama watu wanaojibu salamu.

Hapo aliinuka Jamila Masudi. Alikuwa binti wa mfanyabiashara wa chumvi, mrefu, asiyejua kupunguza sauti.

"Mwalimu, mimi sijaona hapa uamuzi wowote. Ile kadi imeshasema yeye ni mroho. Mutu mroho ataamua nini? Wewe umeshamuhukumu, sisi umetuita kusoma hukumu tu."

"Toka nje."

"Nimekosa nini?"

"Nimesema toka!"

Alitoka, na mlango aliufunga kwa nguvu hata ramani ya Zaire ikapinda ukutani. Assani aliendelea na somo lililobaki bila kujua anasema nini. Alichokasirikia zaidi ni kwamba msichana hakuwa amekosea hata neno moja.

Jioni mtumbwi ulimvusha Lualaba. Nyumbani Riziki alimwekea ugali na sombe ya majani ya mihogo, akamtazama akiuviringisha ugali mkononi bila kuutia kinywani.

"Baba Sudi, leo umegombana na nani?"

Akamweleza yote, mpaka maneno ya kadi.

"Na hayo ya kadi nani alikuambia?" Riziki aliuliza. "Kwamba alipenda vitambaa?"

"Nani asiyejua?"

"Mimi sijui. Wewe unajua?"

Miaka arobaini alikuwa amebeba jina la mtu huyu, miaka kumi na mitano alikuwa amefundisha vijana kwamba historia ni kuuliza, na hakuwahi kumuuliza mtu yeyote Onema alifanya nini siku gani. Alijiona mjinga, na ujinga wake ukamtia hasira mpya. Kesho yake alikwenda kwa mtu ambaye hakutamani kabisa kumwona.

Matata alikuwa ukumbini akisuka mtego wa samaki. Hakumkaribisha kiti.

"Umekuja kunipiga?"

"Nimekuja kuuliza. Baba Matata, wewe ulikuwako. Nieleze ulichoona, si ulichosikia. Kisha nitaondoka."

Mzee alisuka mizunguko mitatu zaidi. Alipoanza kusema alisema upesi, kama mtu anayetema kitu.

"Nilikuwa mutoto mudogo, meno ya mbele yalikuwa yametoka. Maaskari walifunga wanawake watano ndani ya nyumba moja, mpaka waume zao walete mpira. Mama yangu alikuwa ndani. Na nyanya yako alikuwa ndani, na mimba. Wawili wengine, waliofungwa mbele yao, walikuwa wamekufa mule mule, kwa njaa. Mpira ulikuwa umeisha karibu. Watu walikwenda mbali, wakalala msituni, na kikapu bado hakijai. Basi askari akasema: toeni mutu wenu mumoja ashike bunduki, wanawake wanatoka leo. Mukikataa, naleta kapita mugeni. Wazee wakakaa. Wakagombana. Onema njo aliinuka."

"Alisema nini?"

"Mimi nilikuwa nje! Ningesikia nini? Niliona mama yangu akitoka, anashikilia ukuta." Mikono ya mzee ilisimama. "Mama aliishi miaka thelathini na tisa zaidi. Umesikia? Thelathini na tisa. Na mwezi uliofuata ule Onema, huyo huyo, alimufunga baba yangu kwenye muti na kumuchapa fimbo ya kiboko, sababu kikapu kilipunguka. Baba hakusimama sawa tena mpaka kufa. Sasa niambie, wewe mwalimu, uliyesoma. Nimupe asante kwa mama ao nimulaani kwa baba? Miaka sabini natafuta, sioni pa kuiweka. Umekuja na birika lako unataka ninawe! Enda zako."

Assani alikwenda zake. Kwenye njia ya mihogo alisimama, akashika kiuno, kwa sababu kitu kimoja kilikuwa kimemfikia kwa kuchelewa: ile mimba ilikuwa baba yake.

Alizichana kadi za kwanza. Mpya zilimchukua siku sita. Kila alipoandika neno la tabia, mroho, shujaa, msaliti, alilikata, akabakiza yale tu ambayo mtu yule angejua asubuhi ile na yale ambayo asingeyajua. Ya Onema, ambaye kwenye kadi alimwita mwindaji tu, ilisomeka hivi:

*Una miaka ishirini na minane. Mke wako ana mimba, amefungwa pamoja na wanawake wengine wanne. Wawili waliofungwa kabla yao wamekwisha kufa humo. Askari anasema kijiji kikitoa mtu wa kushika bunduki, watano watatoka leo. Hujui kama anasema kweli. Hujui mpira utadaiwa mpaka lini. Mwaka jana kijiji jirani kilikimbilia msituni. Hakuna aliyesikia habari zao.*

Akaandika ya mzee wa kijiji, ya kijana mwenye upinde anayetaka kupigana, ya mama mwenye watoto wachanga asiyeweza kukimbia, ya mwanamke anayesema kutoka ndani ya ile nyumba, ya baba mwenye mke humo na miguu mibovu. Kadi ya askari hakuandika. Maneno ya askari aliamua atayasoma yeye, ili mwanafunzi asilazimike kuyavaa.

Jumatatu aliingia darasani, na jambo la kwanza alimtazama Jamila.

"Wiki iliyopita ulisema kweli, na mimi nikakufukuza. Nimekosa."

Pilipili hakuwa mtu wa kusema hivyo.

Akawapanga wanafunzi wake thelathini na mmoja katika mabaraza matano, seti moja ya kadi kwa kila baraza, na kila mtu akachagua mwenyewe kadi yake. Lile lenye mtu wa ziada lilimpa kazi ya kuandika yanayosemwa. Alieleza masharti. Hakuna kupiga wala kufunga mtu, hata kwa mchezo. Yaliyotokea kwa miili ya watu hatuyaigizi, tunaamua kwa maneno. Unajua kilicho kwenye kadi yako tu. Hakuna kumsemea mtu wa ndani ya nyumba bila kumsikia. Kwamba Wabelgiji waliondoka mwaka wa sitini, hapa bado hakuna anayejua. Anayetaka kutoka ainue mkono, atatoka bila kuulizwa. Semeni Kiswahili. Kifaransa kilikuwa lugha ya darasa, lakini Assani hakuwahi kumsikia mtu wa Kindu akimwombea mke wake kwa Kifaransa.

"Mna dakika ishirini. Jua likifika kwenye mstari huu wa chaki, askari anarudi."

Walianza kwa aibu. Halafu katika baraza la dirishani kijana mwenye upinde alisema tupigane, na Hadidja, msichana mpole ambaye mwaka mzima hakuwa amesikika, akajibu kutoka ndani ya nyumba ya mateka, "Ukirusha mshale wa kwanza, sisi njo watatuua wa kwanza. Umetuuliza sisi?" Hakuna aliyecheka. Baraza moja lilikuwa likipanga njia ya msituni, na mama wa watoto wachanga aliuliza nani atawaziba midomo. Katika baraza la mbele Amuri, yule wa kunguruma na rula, alikuwa ameshika kichwa. Jamila alikuwa amechagua kadi ya mwindaji, na alikuwa akigombana na kila mtu.

Jua likafika kwenye mstari. Mabaraza mawili yalitoa mtu wa kushika bunduki. Moja lilikimbia. Moja lilipigana. Moja lilikuwa bado likibishana.

"Sisi hatujaamua," mzee wao alisema.

"Askari amefika," Assani alijibu. "Mmeamua."

Jamila alikuwa mmoja wa waliosimama kushika bunduki. Ndipo Assani akawapa wale wawili kadi ya pili, ambayo hawakuitarajia: *Mwezi umepita. Mke wako yuko nyumbani. Kikapu cha jirani yako, yule mwenye miguu mibovu, kimepungua. Askari amesimama anakutazama. Ukimwachia jirani, mke wako atarudi ndani. Sema tu utafanya nini, na kwa nini.*

Kijana aliyesimama katika baraza lile jingine alisema kwa sauti ndogo kwamba angetoroka usiku, ingawa hakujua angemfanyaje mke mwenye mimba. Jamila aliisoma kadi. Aliisoma tena.

"Umenitega."

"Nani amekutega?"

"Wewe! Ungenipa zote mbili pamoja, nisingeishika!"

"Na yeye alipewa zote mbili pamoja?"

Jamila aliipiga kadi juu ya dawati. Machozi yalimtoka, ya hasira tupu. "Nitamchapa," alisema. "Umefurahi? Nitamchapa, na nitajichukia, na watoto wake watanichukia, na ni haki yao."

Assani hakufurahi. Alivuta kiti, akakaa. Kisha akakumbuka kazi yake. Akawaamuru wote waweke kadi chini, wageuze viti kutazama upande mwingine, na kila mtu aseme jina lake mwenyewe kwa sauti: mimi Amuri, mimi Hadidja, mimi Jamila, ili mtu wa zamani abaki zamani. Aliuliza kwanza walivyosikia moyoni, halafu sababu zao, halafu swali gumu: tunajuaje? Aliwaambia kwamba habari ile ilitoka kwa mtu mmoja, aliyekuwa mtoto wa miaka sita au saba, aliyekuwa nje ya baraza, na ana uchungu wake. Aliwaambia mwindaji wa kweli aliitwa Onema, na Onema alikuwa nani kwake.

"Basi hakuwa na kosa," Amuri alisema.

"Nani amesema hivyo?" Hadidja aligeuka. "Fimbo alipiga. Kuelewa kwa nini alipiga hakumponyi aliyepigwa."

Assani aliona afadhali angeongozwa na mtoto huyu miaka ile yote. Alikuwa anafungua kinywa kufunga somo, Jamila, aliyekuwa bado anapumua kwa nguvu, akauliza:

"Mwalimu. Na Jumamosi, kwenye salongo, anayeshika daftari la majina ni nani?"

Salongo ilikuwa kazi ya lazima ya kila wiki; wanafunzi walifyeka barabara ya uwanja wa ndege, na asiyefika jina lake lilikwenda kwa vijana wa chama, ambao walikuwa na njia zao. Kila mmoja darasani alijua daftari linashikwa na Assani. Mwezi uliopita aliandika jina la kijana mmoja mwenye homa ya malaria, kwa kuwa sheria ilikuwa sheria, na yule kijana alirudi shuleni hawezi kukaa kitini.

Angeweza kumfukuza tena. Mkono ulishainuka nusu kuelekea mlangoni.

"Ni mimi," alisema.

Kabla ya saa sita habari ilikuwa imemfikia prefe, mkuu wa shule. Alikuwa mtu mnene mwenye koti la abakosti lililobana, si mtu mbaya, ila aliogopa kila aliyeketi juu yake. Ofisini kulikuwa na mtu wa pili, wa chama, aliyevaa kifuani beji yenye sura ya Kiongozi na hakutoa jina.

"Sitwayeni Assani," prefe alisema, akitumia neno la chama la kumwita mwananchi, "inasemekana darasani kwako mwanafunzi amelinganisha salongo na kazi za Wakoloni. Mwanafunzi gani?"

"Lilikuwa somo la zama za mpira."

"Sikuulizi somo. Kitabu kinasema wahenga wetu walikataa, basi. Wewe unawafundisha kuwaonea huruma vibaraka, na sasa umeona matunda." Akashusha sauti. "Jina moja tu. Andika hapa. Usipoandika, darasa zima litasimamishwa, na mwaka ujao wana mtihani wa serikali. Usinitazame hivyo. Na mimi nina watoto."

Mtu wa chama alisukuma karatasi mezani kwa kidole. "Mpaka kesho asubuhi," alisema.

Assani alivuka mto. Alitaka kumkamata prefe ukosi wa abakosti. Alitaka kumkamata Jamila pia na kumtikisa: ungeshindwa kunyamaza siku moja? Alitaka kumfufua Onema amwulize ilikuwaje, ile sekunde kabla ya kuinuka. Riziki alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama na mwiko mkononi.

"Baba yake ana maduka mawili," alisema. "Ataenda kuongea na wakubwa, binti atakaa nyumbani wiki, atarudi. Sisi tuna nani? Andika jina, Baba Sudi."

"Na kama hatarudi?"

"Na kama sisi hatutarudi? Wale thelathini wengine, unawatoa kwa ajili ya mmoja?" Akautupa mwiko ndani ya sufuria. "Wanaume wa ukoo wenu! Mnapewa jambo la wote, mnaamua peke yenu!"

Asubuhi alikwenda moja kwa moja ofisini, akaivuta karatasi, akaandika sentensi moja. Prefe aliisoma kwa midomo.

"Umeandika kwamba aliyeuliza ni wewe."

"Ni swali la mwalimu. Lilikuwa sehemu ya somo."

"Unasema uongo. Kila mtu alisikia."

"Basi waite waseme. Uwaite mmoja mmoja, uandike majina yao hapo chini, uwapelekee wakubwa, waone shule yako ilivyo."

Prefe alijua kuhesabu hatari, na mwalimu mmoja ni kidogo kuliko darasa. Mtu wa chama aliikunja karatasi, akaitia mfukoni. Ijumaa ilikuja amri ya uhamisho: Punia, kaskazini, msituni, mara moja, bila kumaliza mwaka. Darasa halikusimamishwa. Walimu wenzake walimpisha njia kwenye veranda kama mtu mwenye ndui.

Kabla hajaondoka, Jamila alikuja Alunguli. Alivuka peke yake, na kwa namna alivyopiga hodi Assani alijua hakuja kushukuru.

"Nani alikuomba?" alianza, hata kabla ya kukaa. "Neno lilikuwa langu. Nilikuwa tayari kulibeba. Umelichukua, ukalifanya lako, na sasa mimi ndiye msichana aliyemhamisha mwalimu. Darasani hawaniongeleshi. Na historia tunanakili ubaoni tena, tarehe na tarehe!"

"Ulitaka nikuandike?"

"Nilitaka uniulize! Ulitoa masharti yote yale. Hakuna kumsemea mtu wa ndani ya nyumba bila kumsikia, uliwaacha wote waone Hadidja alivyosema. Mimi hukuniuliza."

Ilimpata pale penye kidonda. Alitaka kumfokea kwamba hakukuwa na muda, kwamba yeye ni mtoto, kwamba ni saa chache tu kutoka jioni mpaka asubuhi. Akasikia jinsi maneno hayo yanavyosikika, na ni kinywa gani kingeweza kuyasema kabla yake, miaka sabini nyuma.

"Sikukuuliza," alisema. "Niliogopa utasema andika."

"Ningesema andika."

"Najua. Na ningekuwa sina pa kuficha uso."

"Basi ulijiokoa wewe," Jamila alisema, akasimama. "Safari njema, Mwalimu." Hakuna kejeli katika hayo ya mwisho, wala hakuna msamaha. Alishuka mtoni bila kugeuka.

Walipakia vitu kwenye lori la mzigo siku ya Jumatano, mvua ikinyesha. Riziki hakusema naye tangu amri ilipofika. Aliwapandisha watoto juu ya magunia, akakataa mkono wa mumewe, akapanda mwenyewe kwa kushika kamba, akajifunika turubai. Barabara ya Punia iliwachukua siku nne, lori likizama matopeni na abiria wakishuka kusukuma. Siku ya tatu, wote wawili wakiwa na matope mpaka mapajani, bega kwa bega nyuma ya lori, Riziki alisema kwa meno yaliyofungwa, "Ungelitaja lile jina ningekuchukia zaidi. Lakini usifikirie kwamba sasa sikuchukii." Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa wiki nzima. Assani alisukuma.

Walikaa Punia miaka mitano. Katika darasa lile la Kindu, kumi na moja walifaulu mtihani wa serikali, Hadidja mmoja wao. Jamila hakufaulu mwaka wa kwanza, akarudia, akafaulu wa pili. Alunguli watu walibishana kwa muda mrefu. Wengine walisema mwalimu alikuwa mwanamume kweli. Wengine walisema ni kiburi tu, mtu anawaacha watoto wa watu kabla ya mtihani ili alale vizuri. Assani, alipoulizwa, aliwaka kama zamani.

"Ulikuwa sawa ama ulikosea?" mwalimu mmoja kijana wa Punia alimuuliza siku moja, akitaka jibu la kuandika.

"Kaa kwanza," Assani alimwambia kwa ukali, akimsogezea kiti. "Nitakueleza nilichokijua asubuhi ile, hicho tu. Halafu utaniambia wewe ungeandika nini."